Mgonjwa Aliye Kwenye Ukungu: Jinsi Lenzi Inavyoongoza Jicho Ndani ya Shoti Moja

Katika filamu ya The Little Foxes ya mwaka 1941 kuna mume mgonjwa wa moyo, Horace, anayeshikwa na maumivu ghafla akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Chupa ya dawa inamponyoka na kuvunjika. Anamwomba mkewe, Regina, apande ghorofani amletee nyingine. Regina hainuki. Anakaa kimya, macho mbele, kama mtu ambaye hakusikia. Horace anajiinua kwa taabu, anapita nyuma ya mkewe akijikokota kuelekea ngazini, anapanda vidato vichache, kisha anaanguka.

Wengi wetu tukipewa kamera tungemfuata Horace. Ndiye anayekufa, ndiye anayesogea. Mwongozaji William Wyler hakumfuata. Aliiacha kamera imtazame Regina, aliyeigizwa na Bette Davis, akiwa mbele kabisa na uso wake ukionekana kwa ukali wote. Horace yuko nyuma, kwenye ukungu. Tunaona umbo la mtu linapapasa ukuta na kupanda, lakini uso wake hatuuoni.

Aliyepiga picha hizo ni Gregg Toland, na mwaka huohuo kulitoka filamu nyingine aliyoipiga yeye, Citizen Kane, inayosifika mpaka leo kwa shoti ambazo kila kitu ndani yake ni kikali, kuanzia mezani karibu na kamera hadi dirishani mbali. Kwa hiyo Horace hakufifia kwa sababu Toland alishindwa. Alififishwa kwa makusudi.

Fikiria shoti ile ingekuwaje kama Horace angekuwa mkali. Macho yetu yangemkimbilia yeye, na Regina angegeuka pambo la mbele. Kama angetolewa kabisa kwenye fremu, tungebaki na mwanamke aliyekaa tu, bila kujua anachokisubiri. Ukungu ulitoa kipimo cha katikati: tunajua kwamba mtu anahangaika ngazini, lakini hatujui amefika wapi wala hali yake ikoje. Tunalazimika kukodoa macho nyuma, hatupati jibu, tunarudi kwenye uso wa Regina kulitafuta. Naye anafanya kilekile tunachokifanya sisi: anasikiliza. Kuna faida nyingine ya ufundi. Herbert Marshall, aliyeigiza Horace, alipoteza mguu mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hivyo mtu mwingine alipanda ngazi kwa niaba yake, na kwenye ukungu ule mtazamaji hawezi kugundua.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Watu husema fokasi ni ya kumwonyesha mtazamaji kilicho muhimu, na kufifisha ni kuficha kisicho muhimu. Si kweli kila mara. Kufifisha ni kupima mtazamaji ajue kiasi gani. Na kipimo hicho kinatokana na maamuzi mawili ambayo wapiga picha wengi huyachanganya kuwa moja: kamera isimame wapi, na tundu la lenzi lifunguliwe kiasi gani.

Mama, kijana na kamera

Tuchukue mfano mdogo tuufuate hatua kwa hatua. Mama amekaa barazani na ungo, anachagua mchele. Mita 4 nyuma yake kuna mlango, na mlangoni anatokea kijana wake akiwa na begi begani. Anataka kuondoka bila kuaga. Tunataka shoti moja tu, bila kukata, na wote wawili wawe ndani yake. Kamera yetu ni ile yenye kihisio kikubwa cha upana wa milimita 36.

Kwanza tunafunga lenzi ya milimita 28, ambayo ni lenzi pana, na kusimama mita 2 kutoka kwa mama. Kijana basi yuko mita 6 kutoka kwenye kamera. Yuko mbali mara tatu kuliko mama, hivyo kwenye picha anaonekana mdogo mara tatu. Mlango unaonekana uko mbali, baraza linaonekana refu, na kijana ni kimtu kidogo kilichosimama kwenye kona ya maisha ya mama yake.

Sasa tunafunga lenzi ya milimita 85, na tunarudi nyuma mpaka mita 6 kutoka kwa mama. Lenzi imerefuka mara tatu na umbali umeongezeka mara tatu, kwa hiyo mama anabaki na ukubwa uleule kwenye fremu. Lakini kijana sasa yuko mita 10. Umbali wake si mara tatu ya ule wa mama tena, ni mara 1.7 hivi. Kwenye picha amekua karibu maradufu. Ameonekana kumsogelea mama, anamkaribia mgongoni, ingawa hakuna aliyehama hata hatua moja. Aliyehama ni mpiga picha peke yake.

Hapo tumeona kazi ya uamuzi wa kwanza. Uwiano wa ukubwa kati ya aliye mbele na aliye nyuma hautokani na lenzi yenyewe, unatokana na mahali kamera iliposimama. Lenzi inakuja baadaye, kuchagua ni kipande gani cha mandhari kijaze fremu. Ukisimama palepale na kubadilisha lenzi tu, utapata picha pana au nyembamba, lakini uwiano wa mama na kijana utakuwa uleule. Ndiyo maana anayevuta zumu akiwa amekaa kitini hapati badiliko lilelile analolipata anayenyanyuka na kutembea.

Mike Nichols alilitumia jambo hili mwaka 1967 kwenye The Graduate. Kijana Benjamin anakimbia kuelekea kanisani kuzuia harusi, na kamera inamtazama kutoka mbali sana kwa lenzi ndefu. Anakimbia kwa nguvu zake zote kutujia, lakini kwa kuwa yuko mbali, mita kumi anazozipunguza ni sehemu ndogo tu ya umbali uliobaki, hivyo umbo lake halikui. Jicho linaona miguu inayokimbia na mwili usiofika.

Tundu na kipimo cha kujua

Uamuzi wa pili ni tundu. Namba inayosomeka kwenye kamera, kama f/2 au f/8, inakuambia tundu ni sehemu ya ngapi ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 28 ikiwekwa f/2 ina tundu la kipenyo cha milimita 14. Ikiwekwa f/8, kipenyo ni milimita 3.5. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Tundu kubwa hufifisha kwa sababu mwanga unaotoka kwenye nukta moja, tuseme kwenye kifungo cha shati la kijana, huingia kupitia upana wote wa tundu, kisha hukusanywa na lenzi kurudi kuwa nukta. Kama kifungo kipo kwenye umbali uliowekewa fokasi, mwanga huo unakutana sawasawa juu ya kihisio. Kama hakipo, unakutana mbele au nyuma ya kihisio, na mahali pa nukta panachorwa duara. Tundu likiwa dogo, mwale ni mwembamba na duara nalo ni dogo kiasi kwamba jicho bado linaliona kama nukta. Eneo la mbele na nyuma ya fokasi ambamo maduara hayo ni madogo vya kutosha ndilo linaloitwa kina cha fokasi.

Kwenye baraza letu, lenzi ya 28 kwa f/2 ikiwa mita 2 kutoka kwa mama inatoa kina cha sentimita 60 hivi. Mama na ungo wake ni wakali, kijana amefifia. Sasa lenzi ya 85, kwa f/2 ileile, ikiwa mita 6: kina ni sentimita 60 vilevile. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, maana tumezoea kuambiwa kwamba lenzi ndefu ndiyo inayofifisha. Ukimweka mtu wa mbele kwa ukubwa uleule na tundu kwa namba ileile, kina hubaki karibu sawa. Kilichobadilika ni kwamba lenzi ndefu imemkuza kijana pamoja na ukungu wake, hivyo ukungu unashika sehemu kubwa zaidi ya fremu.

Kuna hesabu fupi itakayokuambia kijana atatambulika au la, na inafaa kuijua kwa sababu haihitaji jedwali wala programu. Chukua kipenyo cha tundu, zidisha kwa umbali uliopo kati ya mtu wa mbele na wa nyuma, gawanya kwa umbali wa kamera hadi mtu wa mbele. Kwa lenzi ya 28 kwa f/2: milimita 14, mara 4, gawanya kwa 2, unapata 28. Maana yake ni kwamba kila nukta kwenye mwili wa kijana imetawanyika kwa upana wa karibu sentimita 3, ukipima palepale alipo. Jicho la mtu lina upana unaokaribia huo, kwa hiyo macho yake yamepotea. Mdomo ni kivuli. Lakini kichwa, mabega na begi ni vikubwa kuliko sentimita 3, hivyo umbo lake lote linasomeka. Tunajua kuna mtu, tunajua ana mzigo, hatujui uso wake unasema nini.

Funga tundu mpaka f/8 na hesabu inashuka hadi milimita 7. Sasa macho yanaonekana, ingawa kope hazionekani. Mtazamaji atajua kijana anamtazama mama yake au anatazama chini. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Kwa f/2 shoti ni ya mama asiyejua kinachotokea nyuma yake. Kwa f/8 ni ya watu wawili, mmoja akijua na mwingine hajui, na mtazamaji yuko upande wa anayejua. Mpiga picha amechagua kati ya hadithi hizo mbili kwa kuzungusha pete moja.

Mabadiliko hayo yana gharama ya mwanga. Kutoka f/2 hadi f/8 mwanga unapungua mara 16. Mchana barazani hilo si tatizo, tena tatizo liko upande wa pili: jua la saa sita kwa f/2 litaiunguza picha iwe nyeupe, na unahitaji kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Usiku ndani ya nyumba yenye taa moja, f/8 ni ndoto bila taa za ziada.

Hesabu hiyohiyo inaeleza simu zetu. Kamera kuu ya simu ina tundu la kipenyo cha milimita 3 au 4 tu, hata kama imeandikwa f/1.8, kwa kuwa lenzi yake halisi ni fupi sana. Barazani kwetu ingemfifisha kijana kwa milimita 7 hivi, sawa na kamera kubwa iliyofungwa f/8. Ukungu mzito unaouona kwenye picha za simu umechorwa na programu baada ya picha kupigwa. Utautambua kingoni: nywele zilizokatwa kama kwa mkasi, mkono wa miwani uliofifia huku kioo chake kikiwa kikali, au ungo ulioyeyuka upande mmoja.

Kila kitu kikiwa kikali

Rudi kwa Toland na Citizen Kane. Mapema kwenye filamu, mama yake Kane anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi tajiri. Mama na mlezi wamekaa mezani karibu na kamera. Baba amesimama katikati, analalamika. Nyuma kabisa, ndani ya dirisha, mtoto mwenyewe anacheza kwenye theluji na kupiga kelele, hajui kwamba maisha yake yanaamuliwa. Wote ni wakali.

Ili kuupata ukali huo, Toland alitumia lenzi pana, akafunga tundu hadi f/8 na zaidi, akatumia filamu nyepesi kunasa mwanga, lenzi zilizopakwa utando wa kuzuia mng'ao, na taa zenye nguvu nyingi. Hata sisi tunaweza kulijaribu kwa lenzi ya 28: iweke f/8, elekeza fokasi mita 3.3, si kwa mama wala kwa kijana, na kila kitu kuanzia mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho kitakuwa kikali.

Lakini fokasi ikishagawiwa kwa wote, haiongozi tena. Kazi hiyo lazima ifanywe na kitu kingine, na kwenye shoti ya Kane vitu hivyo vinaonekana wazi. Mtoto ni mdogo mno kwenye picha, ila yuko ndani ya fremu ya dirisha, kwenye weupe unaong'aa kuliko chumba kizima, anarukaruka wakati wakubwa wametulia, na sauti yake inakatiza maneno yao. Ondoa hata viwili kati ya hivyo na mtazamaji atamsahau. Anayefunga tundu akidhani amemaliza kazi mara nyingi hupata picha ambayo jicho linazurura kama mgeni sokoni.

Fizikia nayo ina mipaka yake. Katika filamu hiyohiyo, Susan anajaribu kujiua kwa sumu: glasi na kijiko viko karibu kabisa na lenzi, Susan yuko kitandani, na mlango uko nyuma. Hakuna tundu ambalo lingeshika vyote hivyo. Shoti ilipigwa mara mbili juu ya filamu ileile: kwanza glasi ikiwa kwenye mwanga na chumba gizani, kisha filamu ikarudishwa nyuma, chumba kikawashwa taa na glasi ikaachwa gizani.

Fokasi inapohama

Njia ya tatu ni kuanza mtu mmoja akiwa mkali kisha kumhamishia mwingine ukali huo, bila kukata. Barazani tungeanza kwa mama, na kijana akifika mlangoni tungevuta fokasi hadi kwake. Swali gumu ni lini. Ukihama kabla kijana hajatokea, umemwambia mtazamaji kitakachotokea. Ukichelewa sana, mtazamaji ameshamwona peke yake na ameanza kukuona wewe. Mara nyingi panapofaa ni pale mtu wa mbele anapoacha kitu: mama anasita, vidole vinatulia juu ya mchele, fokasi inaondoka kwenye uso wake ikiwa kama inayafuata mawazo yake.

The Graduate ina mfano mwingine wa kusoma. Elaine anageuka na kumwona mama yake mlangoni, kisha anarudisha uso kwa Benjamin. Anaporudi, uso wake uko kwenye ukungu. Fokasi inamfikia polepole, na unapokuwa mkali kabisa ameshaelewa kwamba mama yake ndiye mwanamke aliyekuwa na Benjamin. Hakuna neno lililosema hivyo. Kuelewa kwake na kuonekana kwake vimekuja kwa mwendo mmoja.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kufungua tundu kupita kiasi. Lenzi ya 85 kwa f/1.8 ikiwa mita 2 inatoa kina cha sentimita 6 hivi. Kutoka kwenye jicho hadi sikio ni zaidi ya hapo. Mama akiinama kidogo kupuliza makapi, uso umeshatoka kwenye fokasi na kikali ni kitambaa alichojifunga. Kwenye kioo kidogo cha kamera hutaona. Utaona ukifika nyumbani na kuweka picha kwenye runinga. Dawa ni kukuza picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kurekodi, kuangalia kope za jicho lililo karibu na kamera, na kumwomba mwigizaji afanye miondoko yake yote huku ukitazama. Akitoka nje, funga hadi f/2.8 au f/4. Hakuna mtazamaji atakayelalamika kwamba ukungu wa nyuma haukuwa mzito vya kutosha.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kilichofifia hakionekani. Balbu nyuma ya kijana ikififishwa inageuka duara kubwa la mwanga, na jicho litalifuata duara hilo hata kama uso wa mama ni mkali kama wembe. Shati jekundu linalopita barabarani litafanya hivyohivyo. Mng'ao, rangi nzito na mwendo vina nguvu kuliko fokasi. Finya macho mpaka picha yote iwe ukungu: kinachobaki kikikuvuta ndicho kitakachomvuta mtazamaji. Kama ni balbu, izime au sogeza kamera nusu hatua mama aifunike kwa kichwa.

Kosa la tatu ni lenzi pana iliyosogezwa karibu mno na uso. Ukiwa sentimita 40 kutoka kwa mama, pua iko karibu zaidi na kamera kuliko masikio kwa tofauti inayoonekana, na inavimba. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, kisha uchague lenzi ya kujaza fremu.

Ukishapiga, zima sauti, mwonyeshe shoti mtu asiyejua hadithi, kisha muulize mambo mawili: ulimtazama nani kwanza, na yule wa nyuma ulijua nini kumhusu? Jibu la kwanza likienda kombo, tafuta kosa kwenye mwanga, mwendo au mahali kamera iliposimama. Likienda kombo la pili, rudi kwenye pete ya tundu.